Kiti cha Keko ndani ya sebule ya taa za njano: uzoefu wangu na GIMP 3

Mafundi samani wa Keko, Dar es Salaam, hunitumia picha za viti na meza walizopiga nje ya karakana, nami nazipandikiza kwenye picha za vyumba vya wateja ili mteja aone kitu kitakavyokaa kwake kabla hajalipa. Kukata kiti kutoka kwenye picha yake ni kazi ya mkono tu, uvumilivu unatosha. Kinachoamua kama kiti kimeingia chumbani au kimebandikwa ni rangi ya mwanga. Kazi hiyo naifanya kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025, na hapa naeleza inavyonisaidia katika jambo hili moja na inapoishia.

Wengi wanaoanza huuliza balbu ya chumbani ni Kelvini ngapi, yaani kipimo cha rangi ya mwanga kutoka njano hadi buluu, na kivuli cha nje alipopigia fundi ni Kelvini ngapi, ili waweke namba hizo kwenye programu. Namba zenyewe zinajulikana: balbu ya mwanga wa njano ni kama 2,700 hadi 3,000, jua la mchana ni kama 5,500, na kivuli kinachopata mwanga wa anga tupu hupanda hadi 7,000 na zaidi. Lakini picha haibebi namba hizo. Simu ikipiga chumba cha taa za njano hujirekebisha yenyewe na kuondoa sehemu ya unjano. Ikipiga kiti kivulini, huondoa sehemu ya ubuluu. Unachopaswa kulinganisha ni rangi iliyobaki ndani ya picha mbili baada ya simu kuzigusa, na hiyo haiandikwi kwenye boksi la balbu. Inapimwa kwenye piseli.

Nichukue kazi moja niifuate hadi mwisho. Kiti cha mbao chenye mto mweupe, kimepigwa kivulini mchana. Chumba ni sebule yenye taa ya njano upande wa kushoto na dirisha lenye pazia jepesi upande wa kulia, saa za jioni kabla giza halijaingia. Baada ya kukiweka mahali pake na kulinganisha ukubwa na mwangaza, nilimtumia mteja rasimu ya kwanza kabla sijagusa rangi, aone tu mahali. Akajibu: "Kaka, kiti kizuri, ila kama kimetoka kwenye friji." Alikuwa sahihi kabisa.

Kupima nafanya kwa Color Picker, zana ya kusoma rangi ya picha kwa namba za 0 hadi 255. Nawasha Sample average ili isome eneo badala ya piseli moja yenye chembechembe, na nazima Sample merged ili isome leya niliyoichagua tu, yaani tabaka moja la picha. Kwenye chumba natafuta kitu ninachojua ni cheupe kweli, karibu na mahali kiti kitakapokaa. Ukuta ni mtego, kwa sababu kuta nyingi tunazoziita nyeupe ni rangi ya maziwa, na ukizifuata utaongeza unjano wa rangi ya ukuta juu ya unjano wa taa. Plastiki nyeupe ya swichi, au karatasi iliyoachwa mezani, ni bora. Swichi iliyo upande wa taa ilisomeka nyekundu 214, kijani 186, buluu 148. Mto wa kiti ulisomeka 196, 204, 218.

Sasa angalia uwiano, maana mwangaza ni suala jingine. Kwenye swichi, nyekundu ni mara 1.15 ya kijani, na buluu ni mara 0.80. Kwenye mto, nyekundu ni 0.96 na buluu ni 1.07. Ili mto uonekane umekaa chini ya taa ile, nyekundu yake iongezwe kwa takribani mara 1.2 na buluu ipunguzwe hadi 0.745. Hesabu hiyo ndogo ndiyo moyo wa kazi yote.

GIMP ina kichujio chenye jina la kazi yenyewe, Color Temperature, kwenye menyu ya Colors. Kina vitelezi viwili, Original temperature na Intended temperature. Hapa mtu huchanganyikiwa, kwa sababu ukipandisha Intended picha inazidi kuwa ya joto, ingawa mwanga wenye Kelvini nyingi ni wa buluu. Sababu ni kwamba kichujio kimetengenezwa kusafisha picha: unakiambia mwanga ulikuwa wa buluu, nacho kinaongeza unjano kuufuta. Sisi hatusafishi, tunapaka. Kwa hiyo naacha Original kama ilivyo na kupandisha Intended huku nikisoma mto, safari hii Sample merged ikiwa imewashwa ili nisome matokeo ya kichujio, hadi uwiano wa nyekundu na buluu ukaribie ule wa swichi. Kwa mwanga wa balbu ya kawaida au wa anga kinafanya kazi safi na ya haraka. Upungufu wake ni kwamba kinasogea kwenye mstari mmoja tu, kutoka buluu hadi chungwa. Hakina kitelezi cha kijani na zambarau. Kiti kilichopigwa chini ya mwarobaini huja na ukijani wa majani, na taa za mirija nazo huleta ukijani wake, na huo hautoki hata ukitelezesha hadi mwisho. Hapo naongeza Color Balance na kusogeza Magenta–Green kidogo kuelekea Magenta.

Kwa kazi zinazolipiwa siku hizi naruka moja kwa moja kwenye Levels, kwa kuwa inanipa hesabu yangu kamili kwa kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Chaneli ya nyekundu nashusha namba ya juu ya Input kutoka 255 hadi 213, ambayo ni 255 ukigawa kwa 1.2. Chaneli ya buluu nashusha namba ya juu ya Output hadi 190. Kijani sikigusi. Mto ukasomeka karibu na 235, 204, 162, uwiano uleule wa swichi. Ila kuna gharama: nyekundu yoyote iliyokuwa juu ya 213 inagonga ukuta, na sehemu zinazong'aa zaidi za mto zinageuka kuwa njano bapa isiyo na umbile. Kama kiti kina sehemu kama hizo, naacha nyekundu, nashusha Output ya kijani hadi 213 na ya buluu hadi 159, kisha napandisha mwangaza wa kati kwa Curves. Uwiano unabaki karibu uleule bila kuunguza kitu.

Faida kubwa ya toleo la 3 iko hapa. Kichujio hakiunganishwi na picha. Kinakaa chini ya alama ya Fx kwenye leya, nami naweza kukifungua baada ya mteja kusema "punguza kidogo" na kubadili namba moja. Kwenye 2.10 ingenibidi nitunze nakala za leya.

Lakini kiti hiki kina taa upande mmoja na dirisha upande wa pili, kwa hiyo joto moja kwa kiti kizima lingekuwa uongo. Fremu nyeupe ya dirisha ilisomeka 190, 198, 207. Ukiilinganisha na mto wa asili, nyekundu inalingana kabisa na buluu ya mto imezidi kwa asilimia 2 tu. Kivuli cha Keko na dirisha la jioni, baada ya simu kuvirekebisha, vilikuwa karibu ndugu. Basi nikaacha leya ya asili chini ikiwa na buluu iliyoshushwa hadi 249, nikaweka juu yake nakala yenye Levels za taa, kisha nikaipa nakala hiyo maski nyeusi, inayoificha yote, na kupaka nyeupe kwa brashi laini mahali taa inapofika. Usitumie gradienti ya moja kwa moja kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanga hufuata uso wa kitu: upande wa ndani wa mkono wa kulia wa kiti unatazama taa, kwa hiyo unapata unjano hata kama upo upande wa dirisha, na nje ya mkono uleule inabaki baridi. Mpaka huo mdogo kwenye mbao moja ndio uliomshawishi mteja.

Kisha kivuli chini ya kiti. Wengi huweka nyeusi na kuitia ukungu. Mahali ambapo taa ya njano imezibwa, mwanga unaobaki ni wa dirisha, kwa hiyo kivuli lazima kiegemee buluu. Chumba chenyewe kinakupa jibu: meza iliyokuwemo tayari ilikuwa na kivuli. Sakafu yenye mwanga ilisomeka 168, 138, 104, na ndani ya kivuli cha meza 74, 70, 68. Gawanya kila chaneli ya kivuli kwa ile ya sakafu, zidisha kwa 255, unapata 112, 129, 167. Hiyo ndiyo rangi ya kujaza kwenye leya ya kivuli ikiwa kwenye hali ya Multiply, inayozidisha rangi ya leya kwa ile iliyo chini yake. Weka Blend Space ya leya hiyo kuwa RGB (perceptual), vinginevyo hesabu haitatoka sawa.

Kukagua, natengeneza leya kwa New from Visible na kuipitishia Colors, Components, Extract Component, nikichagua buluu peke yake. Picha inakuwa ya kijivu, na kiti ambacho hakijakaa vizuri kinang'aa kama taa au kinazama kuliko vitu vinavyokizunguka. Macho huzoea rangi haraka na kuzisamehe, ila kwenye kijivu hayapati nafasi hiyo. Narudia kwa nyekundu. Pia naweka Saturation mara 2 au 3 kwa muda juu ya picha yote: tofauti iliyokuwa imejificha inapiga kelele, kisha nakizima kichujio.

Kuna picha ambazo GIMP haiwezi kuziokoa. Chumba au uwanja wenye taa za zamani za barabarani za sodiamu ya shinikizo la chini una mwanga wa karibu rangi moja, na hakuna kiwango cha joto kitakachofanya kiti cha bluu kionekane sawa mle. Inabidi kukiondolea rangi karibu yote kwanza. Na kitu kilichopigwa chini ya balbu ya njano ni vigumu kukipeleka mchana, kwa kuwa buluu iliyorekodiwa ni kidogo na ukiizidisha unazidisha chembechembe zake. Kwenda kutoka baridi kuelekea joto ni rahisi zaidi. Ndiyo maana nawaomba mafundi wapige kivulini, mbali na mti na mbali na ukuta wa rangi, wafunge mizani ya weupe kwenye simu kama ina hali ya kitaalamu, na waweke karatasi nyeupe ya ofisini juu ya kiti kwenye picha ya kwanza. Kwa viti visivyo na mto mweupe, karatasi hiyo ndiyo kipimo pekee nilicho nacho.