Sarafu isiyosomeka: ununue nini kwanza ili uipate kwenye katalogi

Watu wengi wanaorithi sarafu iliyochakaa hukimbilia kununua kioo cha kukuzia. Mimi kioo nakiweka nafasi ya nne. Katalogi ya sarafu haikuulizi tu "kuna nini hapo", inakuuliza pia uzito, upana na madini, na majibu hayo hupatikana hata pale ambapo hakuna herufi moja iliyobaki.

1. Mizani ndogo ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01. Ile ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai, maana itakuambia 6 kwa sarafu ya 5.6 na pia kwa ya 6.4. Ijaribu hukohuko dukani: weka kikombe chepesi, irudishe kwenye sifuri, kisha mimina mililita 10 za maji kwa bomba la sindano. Inapaswa kusoma karibu na gramu 10. Ikisoma 9.2, iache. Kumbuka pia kwamba sarafu iliyosuguka imepoteza uzito, kwa hiyo kwenye katalogi tafuta uzito ulio sawa na wako au unaozidi kidogo.

2. Kalipa ya plastiki, kifaa cha kupimia upana kwa milimita. Ya chuma hukwaruza. Pima mara mbili, ukiizungusha sarafu robo duara, kwa sababu sarafu za zamani si duara kamili. Ukishapima, tazama ubavu wake: ni laini, au una meno?

3. Tochi. Hata ile ya simu inatosha. Zima taa, laza sarafu mezani, na umulike kutoka ubavuni, mwanga ukiwa karibu kugusa meza. Mistari usiyoiona mchana hutupa kivuli. Zungusha sarafu polepole huku ukichora unachokiona kwa penseli.

4. Kioo cha sonara cha kukuza mara 10. Kinafaa kwa tarakimu na nukta. Vile vinavyotangazwa kukuza mara 30 au 40 siviamini: vinaonyesha eneo dogo mno na picha hufifia pembeni.

5. Katalogi yenyewe. Baadhi zimegawanywa kwa karne, basi nunua ya karne unayoihitaji, toleo la zamani. Bei zake zimepitwa na wakati, lakini picha na vipimo ni vilevile.

Nichukue mfano wa sarafu niliyopewa na shangazi yangu Unguja. Gramu 6.02, milimita 25.3, rangi ya shaba, ubavu laini, sumaku haiishiki. Kwa macho niliona kitu kama nyundo upande mmoja. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuandika "nyundo" na kuanza kutafuta nyundo. Andika umbo, usiandike maana. Kwa hiyo niliandika: mstari mmoja uliosimama katikati, mwingine uliolala juu yake, na kila ncha ya huo wa juu inashusha nyuzi hadi kwenye nusu duara. Chini, alama nne ndogo, mbili za mwisho zinafanana.

Ukilisoma hilo polepole, unaiona mizani yenye vitanga viwili. Lakini mizani haikutosha. Sarafu za robo ana za Kampuni ya India Mashariki zilizotengenezwa kwa ajili ya Bombay miaka ya 1830 zina mizani pia, na uzito na upana wake unakaribiana na wa pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Zilizozitenganisha ni pande za nyuma. Ya Bombay ina ngao na simba wawili, na kati ya vitanga vyake kuna neno *adil* kwa herufi za Kiarabu. Ya kwangu, chini ya tochi, haikuwa na mnyama wala ngao, ila maandishi ya Kiarabu yaliyojaza upande mzima. Kisha kioo kikanionyesha zile alama nne: ١٢٩٩, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1881 hadi 1882. Barghash.

Ukieleza mahali alama ilipo, watu hutumia uso wa saa. Kwetu hilo lina mtego, kwa sababu "saa sita" ya Kiswahili iko juu, penye tarakimu 12, na msomaji mwingine atatafuta chini. Andika "penye tarakimu 12". Na kama hujui upi ni upande wa juu, sema hivyo, kisha ueleze umbo likiwa wima na likiwa limepinduliwa. Maandishi ya Kiarabu yaliyogeuzwa kichwa chini yamewafanya wengi waandike "mapambo ya majani".

Kitu kimoja usinunue kabisa: dawa ya kung'arisha, ndimu ikiwemo. Asidi hula ngozi ya juu ya shaba, na mikunjo hafifu ya herufi ambayo tochi ingeionyesha huondoka nayo. Maji vuguvugu na kitambaa laini, bila kusugua.