Dola zinakuja baada ya miezi 3: ununue kinga ipi kwenye mtihani?

Tuchukue swali la kawaida la mtihani wa CPA. Kampuni ya kahawa ya Moshi imeuza mzigo nje na italipwa dola 400,000 baada ya miezi 3. Leo benki inanunua dola kwa shilingi 2,600 na kuiuza kwa 2,620. Kwa mkataba wa mbele wa miezi 3, yaani bei inayokubaliwa leo kwa dola zitakazobadilishwa siku hiyo, itainunua kwa 2,630 na kuiuza kwa 2,655. Mkopo wa dola una riba ya 8% kwa mwaka, na amana ya shilingi inalipa 10%. Swali: kinga ipi dhidi ya kubadilika kwa bei ya dola itaipa kampuni shilingi nyingi zaidi?

Nafasi ya kwanza naupa mkataba wa mbele. Hesabu yake ni mstari mmoja: 400,000 × 2,630 = shilingi 1,052,000,000. Anayeuza dola hapa ni kampuni, kwa hiyo bei yake ni ile ndogo. Ukishika 2,655, umejipa faida ya benki.

Kinga ya soko la fedha inashika nafasi ya pili, na ndiyo inayokula alama za watu. Kampuni inakopa dola leo, kiasi ambacho pamoja na riba yake kitafika 400,000 haswa siku mteja atakapolipa. Riba ya miezi 3 ni 2%, kwa hiyo unagawanya: 400,000 ÷ 1.02 = dola 392,157. Anayezidisha amekosea tangu mwanzo, maana deni litaizidi pesa ya mteja. Dola hizo zinauzwa leo kwa 2,600, zinatoa takriban shilingi 1,019,608,000. Ukiziweka amana kwa 2.5%, baada ya miezi 3 ni takriban 1,045,098,000. Mkataba wa mbele umeshinda kwa kama shilingi milioni 6.9.

Ila rudi kwenye swali usome tena. Watunga mitihani hupenda kuficha sentensi moja: kampuni ina ovadrafti ya shilingi kwa riba ya 16%. Hapo shilingi za leo haziendi amana, zinapunguza ovadrafti na kuokoa 4% kwa miezi 3. Thamani yake inakuwa takriban 1,060,392,000, na nafasi zinabadilishana. Mpaka uko kwenye karibu 12.7% kwa mwaka: shilingi zikikuletea zaidi ya hapo, nunua kinga ya soko la fedha, mradi ovadrafti yenyewe inafikia kiasi hicho.

Kwenye maelezo, wengi huandika kwamba mkataba wa mbele ni hatari kwa sababu mteja akichelewa, kampuni bado inadaiwa dola na benki. Ni kweli, lakini mkopo wa dola nao unaiva siku ileile. Udhaifu huo uandike kwa zote mbili.