Briketi, makaa ya kufinyanga, Malindi: vifuu vya nazi au vumbi la makaa?
Vumbi hupatikana chini ya magunia ya wauza makaa, tayari limeshaungua. Ulichekeche, ulichanganye na uji wa muhogo, ufinyange, uanike. Vifuu vyataka kuchomwa kwanza kwenye pipa lisilopitisha hewa nyingi, na kilo 100 hutoa takriban kilo 25 hadi 30 tu za makaa. (Moshi wa pipa hilo, majirani watakujia.)

Kwa kasi, vumbi linashinda. Lakini huja na mchanga, na mchanga hauungui: jiko likijaa majivu, mteja harudi. Kifuu huacha majivu machache, hivyo chaweza kubeba bei ya juu. Masika, zote mbili hukwama; briketi mbichi hufuka moshi.

Nyumba inayochemsha maharagwe itavumilia vumbi, huungua polepole. Mwenye minazi jirani aanze na pipa. Wa mjini, chekeche.