Mbao za dawa: za mtungi, za kuchovya au za brashi?

Ukienda kununua mbao za kupaulia, karibu kila rundo ni la kijani na muuzaji atakuapia limetiwa dawa. Ukijani hausemi kitu. Swali ni dawa imezama kiasi gani, na hilo linajibiwa na msumeno.

Omba ubao mmoja ukatwe mbali na ncha, walau sentimita 30, maana ncha hunywa dawa hata kwa kuchovya. Mimi nilikata mbili kwa nne ya paini niliyouziwa kama ya mtungi: kijani kilikuwa chembamba kama ganda la yai, ndani kweupe. "Bosi, itaendelea kuzama," muuzaji akaniambia. Haizami.

Nafasi ya kwanza naipa ya mtungi. Mbao kavu hufungiwa kwenye mtungi wa chuma, hewa ikanyonywa, dawa ikajazwa, kisha ikasukumwa kwa presha ya baa 10 hadi 14 hivi. Tairi ya gari dogo ina kama baa 2. Dawa iliyozoeleka ni CCA, yaani shaba, kromiamu na aseniki. Ubao mbichi umeshajaa maji, kwa hiyo dawa haina pa kuingia. Moyo wa mti nao haunywi dawa vizuri, ndiyo maana nguzo ya mtungi huwa na pete nene ya kijani na kiini cheupe. Huo si wizi. Kwa chochote kinachogusa udongo, nunua hii tu.

Ya pili ni ya kuchovya, yaani ya kulowekwa kwenye dawa kwa siku kadhaa. Chini ya bati pakavu inatosha. Brashi ni ya tatu, kwa sababu dawa hukaa juujuu. Ila hata mwenye mbao za mtungi anaihitaji: kila fundi anapokata, ule weupe wa ndani unafunguka, na mchwa huanzia hapo. Paka mikato yote mara mbili. Oili chafu ni ya mwisho kabisa, uchafu na harufu bila kinga ya kudumu.

Mbao kuukuu zina hatari yake. Kijani hupauka, hivyo ukibomoa paa au uzio usioujua, chukulia una CCA. Huko Marekani dawa hiyo iliondolewa kwenye mbao za nyumba za kuishi mwishoni mwa 2003. Kata nje, vaa barakoa na glavu, nawa kabla ya kula.

Usizipikie wala kuchomea nyama. Moto hauteketezi aseniki. Nyingine hutoka na moshi, nyingine hubaki kwenye majivu. Majivu hayo yana ladha ya chumvi, ng'ombe na mbuzi huyalamba wakafa. Vumbi la msumeno nalo lisitandikwe bandani kwa vifaranga. Vipande vilivyo vizima virudishe kazini kwenye uzio; vilivyooza vitenge mbali na kuni, kabla mtu wa jikoni hajaviona.