Picha nimeipa, jina imeninyima: nyota mbili (labda tatu)

Programu hii ya akili bandia niliipa nyota moja, nikafuta, nikaweka mbili. Hasira bado ipo, kwa hiyo mnivumilie.

Kisa ni kifupi. Mtu kaingia duka langu la jumla hapa Kampala, kaonyesha ujumbe bandia wa pesa za simu, kapakia katoni tatu za sabuni kwenye boda, kaenda zake. Kamera ya dukani ikamnasa uso wote. Nikaipa programu ile picha, nikauliza: huyu ni nani? Ikajibu kwa adabu ya karani anayekuambia urudi kesho: haimtaji mtu kwa kuangalia sura yake. Nikauliza anafanana na nani. Ikakataa. Nikauliza basi ni wa kabila gani. Ikakataa na hilo, tena ikaongeza kwamba uso hausemi kabila. Hapo ndipo nyota ilipodondoka!

Lakini hasira ikipungua, akili inarudi. Programu hizi hazina daftari la vitambulisho vya taifa. Zingelazimishwa kutaja jina, zingekisia, na kisio lingekuja kwa sauti ileile ya uhakika zinayotumia kukuambia mji mkuu wa Kenya. Hata mitambo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu hukosea. Mwaka 2019 taasisi ya Marekani iitwayo NIST ilipima programu 189 za kutambua nyuso. Katika nyingi, kosa la kumfananisha mtu na asiye yeye lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na dogo zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Afrika Mashariki ndiyo sisi. Kule Marekani, Januari 2020, polisi wa Detroit walimkamata Robert Williams mbele ya familia yake kwa wizi wa saa ambao hakuufanya, kwa sababu mtambo ulimchagua kutoka picha hafifu ya kamera ya duka. Kesi kama yangu kabisa. Sasa fikiria jina lisilo sahihi likitua kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, halafu kwa vijana wa steji ya boda. Hapa mtu akiitwa mwizi, ufafanuzi huja baada ya mawe.

Kuna na hili, ambalo sikulipenda lakini sina jibu lake: swali langu linafanana neno kwa neno na la mwanamume aliyempiga picha msichana kwenye taksi bila yeye kujua. Programu haiwezi kujua nani kati yetu ndiye mwenye duka.

Kilichonikera hasa ni kwamba haikunieleza mapema inachoweza. Nimekigundua kwa kuchokonoa. Usiulize uso, uliza maandishi. Jina lililochapwa kwenye picha inalisoma bila ubishi: beji, mgongo wa jezi, maelezo chini ya picha ya gazeti. Kwenye picha yangu ilisoma namba ya koti la kiakisi la boda, ikataja rangi ya tangi, kibandiko kwenye kofia, na saa iliyoandikwa pembeni mwa picha (hakikisha saa ya kamera yenyewe ni sahihi, nyingi haziko sawa). Nilipoipa jina ninalolishuku, ilikubali kuniandikia maelezo kwa jina hilo, ila ilisema wazi kwamba jina limetoka kwangu na picha haijalithibitisha.

Namba ya pikipiki ndipo penye mtego. Namba za zamani huwa herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja, na programu inajua mpangilio huo, kwa hiyo herufi iliyofifia inaweza kuijazia kwa kubuni. B na 8, O na 0, ndizo hupotosha zaidi. Toa picha halisi kwenye mashine ya kamera, si ile iliyopita WhatsApp, maana kule hubanwa na ukungu unaongezeka. Kata kipande cha namba peke yake, kisha andika hivi: «Soma herufi moja moja, na weka alama ya kuuliza pale usipoona vizuri.» Rudia kwenye mazungumzo mapya. Majibu mawili yakitofautiana, hiyo herufi imebuniwa, usiiandike popote. Yangu ilitofautiana kwenye herufi ya mwisho, nami nimeiacha wazi.

Maelezo hayo, pamoja na video yenyewe isiyokatwa, ndiyo yamekwenda kituo cha polisi na kupewa namba ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo. Namba ya koti, na namba ya pikipiki pungufu herufi moja: afande ana pa kuanzia.

Haya, nyota tatu. Ya nne nitaiweka siku itakaposema hayo yote kwenye jibu la kwanza badala ya kuninunia.