Saa ya mkono mdogo na saa ya mkono mkubwa: pima masikio kabla ya kipenyo

Mwaka huu, kabla ya Idi, kijana mwalimu alikuja kwenye meza yangu ya ufundi saa hapa Ngamiani na saa mpya mkononi. Alikuwa ameiagiza kwa picha ya simu. Ilikuwa saa nzuri kweli, Casio Duro ya kuzamia, ila alilalamika kwamba mchana kutwa inazunguka na kulala ubavuni mwa mkono. Alitaka nitoboe mkanda tundu jingine. Nilimwambia, mwanangu, mkanda hauna kosa, saa yenyewe ndiyo ndefu kuliko mkono wako.

Ndipo wengi wanapokosea. Muuzaji akitaja milimita 38 au 44, anataja kipenyo cha kasha, yaani upana wa ule mduara bila kitufe cha kutilia majira. Lakini kinachoamua saa ikae au isikae ni urefu kutoka ncha ya masikio ya juu hadi ncha ya masikio ya chini. Masikio ni zile pembe nne zinazoshika mkanda. Saa mbili zenye kipenyo kimoja zinaweza kutofautiana milimita tatu au nne hapo, na mkono huzisikia.

Kupima ni rahisi. Zungushia karatasi nyembamba kwenye kifundo cha mkono, pale unapovaa saa, weka alama ncha zake zinapokutana, kisha inyooshe juu ya rula. Hicho ni kipimo cha mzunguko. Halafu laza rula juu ya mkono, kukatiza upana wake, uinamishe macho hadi usawa wake, utazame mkono unapoanza kuteremka huku na huku. Sehemu tambarare iliyo katikati ndiyo kipimo kikuu. Kwa joto letu la Tanga, pima alasiri, kwa sababu mkono huvimba kidogo kadiri jua linavyopanda, na saa iliyokaa sawa alfajiri inaweza kubana saa tisa.

Yule mwalimu tulimpima. Mzunguko sentimita 15.5, tambarare milimita 46. Duro ina kipenyo cha milimita 44.2, na toka sikio hadi sikio ni 48.5. Kwa hiyo masikio yalitokeza nje kidogo zaidi ya milimita moja kila upande. Ukisikia milimita moja utaona ni kitu kidogo, lakini mkanda ulikuwa unateremka wima kutoka hewani badala ya kufuata ngozi, ukaacha uwazi ambao kalamu ya risasi ilipita bila kugusa. Saa ya namna hiyo haina cha kuegemea, hivyo uzito wake unaivuta ubavuni. Tundu jipya lingebana mkono tu.

Kwa mkono kama wake, wa sentimita 14.5 hadi 16, napanga hivi. Ya kwanza ni saa ya kipenyo cha 36 hadi 38, yenye urefu wa sikio hadi sikio usiozidi milimita 44. Mfano ninaoupenda ni Seiko 5 ya SNK809: kipenyo 37, masikio 43, mkanda wa upana wa 18. Siku hizi hutafutwa kwa waliotangulia kuivaa, kwa hiyo ikague vizuri. Ya pili, kwa asiye na haja ya saa ya mishale, ni Casio F-91W, ile ya dijitali iliyotoka mwaka 1989. Kasha lake lina upana wa 35.2 na urefu wa 38.2, na unene wa 8.5 tu, kiasi kwamba inapita chini ya kikomo cha shati la mikono mirefu bila kunasa. Ya tatu ni Seiko 5 Sports za aina ya SRPD. Kipenyo chake ni 42.5, namba inayowatisha wenye mikono midogo, lakini masikio ni mafupi, 46 tu. Kwa mwalimu ingefika ukingoni kabisa, ingekaa ila isingependeza kama 37. Duro ninaiweka mwisho kwa mkono huu, ingawa ni saa imara.

Angalia pia masikio yenyewe yameinama au yamenyooka. Yaliyoinama chini hukumbatia mkono na kukusamehe milimita moja. Na saa ya mnyororo wa chuma, kama kipande cha kwanza cha mnyororo ni kigumu na kimetokeza, ihesabu kana kwamba masikio yanaishia kwenye kile kipande.

Kwa mkono mkubwa, kuanzia sentimita 18.5, mpangilio unageuka. Kwanza Duro na jamii yake, 42 hadi 45 zenye masikio ya 48 hadi 52. Pili SRPD, inayokaa vizuri bila kujikweza. Tatu saa ya heshima kama Orient Bambino ya 40.5, masikio 46.5, kwa anayevaa kanzu na koti. Saa ya 37 ni ya mwisho, si kwamba ni mwiko, ila inaacha ngozi nyingi wazi pande zote mbili.

Sasa upana wa mkanda. Unapimwa ndani, baina ya masikio mawili ya upande mmoja, si mkanda wenyewe uliochakaa, kwa sababu uliochakaa hupungua au hutanuka. Kwa kawaida ni kama nusu ya kipenyo: saa ya 37 huchukua 18, ya 40 huchukua 20, ya 44 huchukua 22. Mkanda wa 22 ukiulazimisha kwenye nafasi ya 20 unajikunja pembeni na kukatika mapema. Wa 18 kwenye 20 unacheza huku na huku, pini inaonekana, na siku moja inachomoka. Jihadhari na namba witiri. Ile Bambino ya 40.5 inataka 21, na mikanda mingi inayouzwa mitaani ni ya namba shufwa, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Mwenye mkono mkubwa atazame urefu wa mkanda pia. Wa kawaida una karibu milimita 120 upande wa matundu na 75 upande wa bizimu. Bizimu ikiishia kwenye tundu la mwisho na ncha isifike kwenye kitanzi, tafuta mkanda mrefu. Ngozi kwa jasho letu la pwani inaoza upande wa ndani na kutoa harufu, mimi humshauri mtu achukue raba au nailoni.

Ukiwa mbali na duka, kata karatasi yenye urefu wa masikio ulioandikwa, ilaze mkononi, ujitazame kwenye kioo kutoka mbali. Usiamini picha ya simu iliyopigwa karibu, maana lenzi hukuza kilicho mbele.

Mwalimu alirudi kesho yake na mjomba wake, mtu wa kifundo cha sentimita 19.5, mkononi amevaa SNK809 ya zamani. Nilimpima tambarare, 58. Walibadilishana mezani pangu. Duro ilikaa kwa mjomba ikiwa na karibu milimita 5 za ngozi kila upande, na bizimu ikaingia tundu la tatu kutoka mwisho. Kwa kijana nilitia mkanda mpya wa nailoni wa 18, nikajaribu tena kalamu ile ile, na haikupita.