TAHADHARI: Kizuia radi cha "kichwa kimoja kinalinda mtaa mzima" kinachouzwa kwa wenye maghorofa Kanda ya Ziwa

Wenye maghorofa, wasimamizi wa majengo na kamati za wapangaji wa Mwanza, Bukoba, Musoma, hata Kisumu na Kampala, someni hili kabla hamjalipa. Eneo linalozunguka Ziwa Victoria ni kati ya yale yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na wauzaji wanajua kwamba hofu hiyo inafungua pochi.

Mzigo wanaouza unafanana kila mahali. Kuna kichwa king'aacho chenye maandishi ESE, mlingoti wa mita 5, mkanda mmoja wa shaba unaoshuka ukutani, shimo moja lenye athi rodi moja, na cheti kinachosema ukinzani wa athi ni "omu 1". Utaambiwa kichwa hicho kinaita radi mapema kuliko fimbo ya kawaida na kinalinda nusu kipenyo cha mita 79, au hata 107. Namba hizo hawakuzitunga. Zinatoka kwenye fomula ya kiwango cha Kifaransa, NF C 17-102. Ila kiwango cha kimataifa, IEC 62305, hakikubali faida hiyo: eneo linalolindwa linahesabiwa kwa urefu halisi wa chuma kilichosimama, basi. Kule Kuala Lumpur, ambako radi ni nyingi kama kwetu, yamepigwa picha majengo yenye vichwa hivi yakiwa yamemegwa kona na radi, na kichwa kipo palepale juu ya paa.

Tuchukue ghorofa la urefu wa mita 40, paa bapa la mita 40 kwa 20, ulinzi wa daraja la pili kati ya madaraja manne ya IEC. Kwa daraja hilo mhandisi anabingirisha kwenye mchoro tufe lenye nusu kipenyo cha mita 30. Kila linapogusa, radi inaweza kupiga. Mlingoti wa mita 5 katikati ya paa unalinda duara la nusu kipenyo cha mita 16.6 tu, kwa sababu kipeuo cha pili cha (2×30×5 − 5×5) ni 16.6. Kutoka katikati hadi kona ya paa ni mita 22.4. Kona zote nne ziko nje, na kona za paa ndizo radi inazozipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya jengo.

Paa hilo linahitaji wavu wa kondakta wenye vyumba visivyozidi mita 10 kwa 10. Zungusha mkanda kwenye ukingo wote, mita 120, kisha mistari mitatu ya kukatiza upana na mmoja wa kwenda urefu. Jumla ni kama mita 220, na matangi, dishi na minara ya simu iongezewe fimbo zake. Kondakta za kushuka ziachane kama mita 10, kwa hiyo ni 12 kuzunguka jengo. Kama jengo bado linajengwa, nondo za nguzo zinaweza kufanya kazi hiyo, mradi ziungwe vizuri na upimaji kutoka paani hadi chini usizidi omu 0.2. Kwa mwenye jengo jipya hapo ndipo pesa inapookolewa, na muuzaji wa kichwa hatakwambia.

Mkanda mmoja una hatari ya pekee. Mkondo wote unapita njia moja, na volti inayojengeka inaruka kutafuta chuma kingine kilicho karibu. Kwa jengo hili, umbali wa usalama kupitia ukuta ni 0.06 × 1 ÷ 0.5 × 40, yaani mita 4.8 kule juu: 0.06 ni ya daraja la pili, 1 ni mkondo wote kwenye njia moja, 0.5 ni ya tofali, na 40 ni urefu wa mkanda kutoka paani hadi chini. Bomba la kiyoyozi au waya wa umeme uliopita ndani ya umbali huo bila kuungwa na mfumo unaweza kupokea cheche kupitia tofali. Hata NF C 17-102 inayonukuliwa na muuzaji inataka kondakta zisizopungua mbili kwa kichwa kimoja. Muulize kwa nini ameleta moja.

Sasa shaba yenyewe. Mkanda wa milimita 25 kwa 3 wa shaba halisi una uzito wa gramu 670 hivi kwa kila mita. Kata mita moja, iweke kwenye mzani wa duka. Ukipata gramu 250 hadi 300, umeuziwa aluminiamu iliyovikwa shaba. Athi rodi isipimwe kwa sumaku, kwa maana hata ile nzuri ina chuma cha kawaida ndani na sumaku itashika. Ikate kwa msumeno na utazame mdomo wake: kipenyo kisipungue milimita 14, na pete ya shaba iwe ya milimita 0.25, inayoonekana kwa macho. Ile ya bandia imepakwa utando mwembamba tu. Pitisha tupa mara mbili tatu na weusi wa chuma unatokea. Ikigongwa ardhini utando unachubuka, na kutu inaanzia hapo.

Cheti cha "omu 1" ndicho kinachofunga biashara, kwa hiyo kiangaliwe kwa makini. Kwenye udongo wa ukinzani wa omu-mita 300, rodi moja ya mita 2.4 inatoa kama omu 120. Juu ya mawe ya Mwanza ni zaidi. Pete ya kondakta iliyozikwa kuzunguka jengo lilelile, mita moja kutoka ukutani na kina kisichopungua nusu mita, ina urefu wa mita 128 na inatoa kama omu 6 kwenye udongo uleule. IEC inashauri chini ya 10. Basi omu 1 ya rodi moja imetoka wapi? Mara nyingi shimo limemwagiwa chumvi na maji kabla ya kupima. Mvua za msimu mmoja zinaosha chumvi, namba inapanda, na shaba imekwisha kuliwa. Au wamebana mita ya klempu kwenye pete iliyofungwa, ikasoma omu 0.3, ambayo ni ukinzani wa pete yenyewe na haihusiani na udongo. Dai kipimo cha vigingi vitatu, kigingi cha mkondo kikiwa mbali mara kadhaa ya upana wa mfumo, kile cha volti kwenye asilimia 62 ya umbali huo, na kipimwe kiangazi.

Kuna na ushauri mwingine wanaoutoa kwa kujiamini: "Athi ya radi iwe mbali na athi ya umeme, zisikutane." Ni hatari sana. Radi ikishuka, athi mbili zisizoungwa zinatofautiana kwa maelfu ya volti, na tofauti hiyo inapitia friji, televisheni na mtu aliyezigusa. Ziungwe zote kwenye baa moja ya shaba, na kwenye bodi kuu ya umeme iwekwe aresta ya aina ya kwanza, kifaa kinachoelekeza volti ya radi kwenye athi.

Aliyekwisha kufungiwa kichwa hicho asiking'oe. Kinafanya kazi kama fimbo ya kawaida ya urefu wake, kiunganishwe na wavu mpya. Ambaye bado hajalipa aandike kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya kuona mchoro wenye hesabu ya tufe, uzito wa mkanda uliopimwa, rodi iliyokatwa, picha za pete na viungo vyake kabla mtaro haujafukiwa, na kipimo kilichofanywa mbele ya mhandisi wa umeme aliyesajiliwa ambaye hakuletwa na muuzaji.